Bando la siku lilinila elfu 31: hesabu yangu ya mwezi mzima

Miaka yote mimi ni mtu wa bando la siku. Asubuhi pale Kimara, nikisubiri mwendokasi wa kwenda Kivukoni, naunga la elfu moja: GB 1, masaa 24. Ukiniuliza kwa nini, ningekwambia hakuna GB ya bei chee kuliko hiyo. Kwenye menyu ya laini yangu la wiki ni 3,000 kwa GB 2, yaani 1,500 kila GB. Laini ya pili ninayotumia ina la mwezi, 20,000 kwa GB 15, kama 1,333 kila GB. Kwa hiyo la siku linashinda, la wiki ndilo ghali kuliko yote. Ndivyo nilivyoamini mpaka Aprili.

Tarehe 1 niliingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, nikaweka mzunguko uanze siku hiyo. Data ya laini inahesabika peke yake, Wi-Fi ya ofisini haichanganywi. Kila usiku kabla ya kulala naandika namba kwenye daftari. Siku 30 zilipoisha, jumla ilikuwa GB 8.9.

Namba yenyewe ilinishtua kwa udogo wake. Jumatatu hadi Ijumaa nilikuwa natumia MB 200 hivi, kwa sababu ofisini Wi-Fi ipo na njiani nasoma tu meseji za WhatsApp. Maana yake, kila siku ya kazi nilinunua MB 1,000 nikaacha 800 zife. Wikiendi ndiyo mambo: mpira, video, simu za video na mama kijijini. Jumamosi moja tulikuwa na kikao cha harusi, nikafika GB 1.3 na kulazimika kuunga mara mbili. Mabando 31, shilingi 31,000. Gawanya kwa 8.9 nilizotumia kweli: karibu 3,480 kila GB. Ile GB ya elfu moja niliyokuwa najivunia!

Nikarudia hesabu ya daftari kwa bando la wiki. Wiki nne zilikwenda hivi: GB 1.7, 1.9, 3.1 na 1.8, na siku mbili za mwisho 0.4. Hapa kuna kanuni ya TCRA ambayo wengi tunaisahau: ukinunua tena kifurushi kilekile kabla hakijaisha muda, kilichobaki unaendelea nacho. Wiki ya kwanza ingebakiza 0.3, ya pili ingefikisha 0.4, na wiki ya kikao ningekuwa na GB 2.4 badala ya 2. Ningepungukiwa 0.7 tu, nikafidia na la siku moja. Mabando manne ya wiki, moja la siku, na mawili ya siku kwa zile siku za mwisho: 15,000. Ni shilingi 500 kwa siku, na karibu 1,685 kila GB iliyoingia kwenye matumizi. Nusu ya nilichokuwa natoa, tena kwa bando lililoonekana ghali kwenye menyu.

La mwezi je? Kati ya zile GB 15, GB 3 ni za usiku, saa sita hadi saa kumi na mbili asubuhi, saa ambazo mimi nakoroma. Kwa matumizi yangu ni 20,000 kwa GB 8.9, karibu 2,250 kila GB, na 667 kwa siku. Afadhali kuliko la siku, lakini halifikii la wiki.

Mei nikahamia la wiki kweli, na kosa nikalifanya mapema. Jumamosi nilikuwa na MB 900 kwenye la wiki, nikaunga la siku juu yake ili la wiki nilitunze. Jumapili asubuhi ujumbe ukaingia kwamba bando la siku limeisha muda. Kuangalia salio: la wiki limeshuka hadi MB 200, la siku lilikufa likiwa halijaguswa. Mfumo wa mtandao ule ulikuwa unakula la zamani kwanza, na huduma kwa wateja wakaniambia ndivyo ulivyopangwa. Basi sasa nasubiri la wiki likate kabisa ndipo niongeze. Ukiwa na wasiwasi na laini yako, tazama video dakika kumi halafu angalia salio uone namba ipi imeshuka.

Shemeji yangu, mlinzi wa zamu ya usiku Mikocheni, alicheka nilipomwonyesha daftari. Yeye ana lile la mwezi, na za usiku ndizo anazimaliza kwanza. GB 15 zote zinaliwa, kwa hiyo analipa ile 1,333 ya kwenye menyu bila kupoteza hata senti. "Wewe lala tu," akaniambia.