Boni ao obligasio ya Trezori kupitia banki Lubumbashi: ya kununua kwanza na ya kuacha

Mu Lubumbashi muntu akiwa na dola elfu tano ao elfu kumi zenye hazina kazi mara moja, siku hizi ku banki banamuambia kuko boni na obligasio ya Trezori, inalipa kupita konti ya kuweka akiba. Ni kweli, inalipa kupita. Lakini mi naona bantu mingi banauliza paka "inalipa ngapi kwa mwaka" na hapo njo hatari inaanzia, juu mu Kongo hakuna borsi kwenye unaweza kuamuka asubui uende kuuzisha karatasi yako upate makuta saa ile. Ukisha kununua, makuta imefungwa mpaka siku yenye iliandikwa. Kwa ile sababu nazipanga hapa kufuatana na namna ya kupata makuta yako kwanza, kiisha faida.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Boni ni deni ya muda mufupi, serikali inakopa kwako myezi tatu, sita, ao mwaka moja. Obligasio inapita mwaka, myezi kumi na nane, myaka mbili, tatu, na interese inalipwa kila kipindi mpaka mwisho wakirudisha mutaji. Serikali ilirudilia kuuzisha hizi karatasi mu 2019, kwa mnada ile banaita adjidikasio, mara mingi siku ya Jumanne, Banki Santrali njo inapanga. Weye hauingii mu mnada. Banki yako njo inaingia, na weye unaipatia ordre: kiasi gani, muda gani, na kiwango ya chini ya interese yenye unakubali. Ukiomba kiwango ya juu sana ordre yako inaweza kubakia nje, basi makuta inabakia ku konti yako na utangojea mnada ingine. Kuko kalenda ya minada yenye inatoka kila trimestri, omba banki ikuonyeshe, usikubali kuambiwa "itakuya tu".

Ya kwanza kwangu: karatasi ya dola yenye haipite mwaka moja. Si yenye inalipa kupita zote, lakini kwa muntu mwenye maisha yake iko mu dola, minervali ya batoto, parseli, bidhaa ya kutoka Zambia, hii njo inamufaa. Makosa yoyote yenye utafanya inaisha mu myezi kadhaa. Kama boni ya dola haiko ku kalenda ile wiki, ngojea, usisukumwe kuchukua ya myaka tatu juu tu njo yenye iko leo.

Ya pili: obligasio ya dola ya myezi kumi na nane ao myaka mbili, lakini paka kwa makuta yenye tayari iko na tarehe yake. Tuchukue mufano, mama mwenye anauzisha bitenge ku soko Kenya hapa Lubumbashi, iko na dola 9,000. Mototo wake ataingia iniversite kisha myaka mbili. Kama anaweka zote 9,000 mu obligasio ya myaka mbili kwa 9 kwa mia (nachukua 9 kwa hesabu, ya kweli utaiona siku ya mnada), anapata 810 kwa mwaka. Inapendeza. Kiisha mu mwezi ya tano munyororo wa bidhaa unakatika, anahitaji 3,000 haraka haraka, anaenda ku banki, banki inamuambia tunaweza kukununulia hii karatasi kwa 96 ku 100. Mu ile 3,000 anapoteza 120, na kwa ile myezi tano interese yenye alipata ni 112 hivi. Ni kusema alikopesha serikali karibu nusu ya mwaka na akatoka na hasara. Na hiyo ni kama banki imekubali kununua, juu hailazimishwe na sheria yoyote, inanunua kama inapenda.

Kwa hiyo ule mama mi ningemupangia hivi: 3,000 ibakie ku konti ao depo ya myezi tatu ya banki, 3,000 iende mu boni ya dola ya myezi sita ao kumi na mbili, na 3,000 ya mwisho, ile ya iniversite, njo iende mu obligasio ya myaka mbili. Boni ikifika mwisho anaangalia hali ya biashara, akiona yote iko muzuri anairudisha mu karatasi ingine. Hivi kila myezi kadhaa kuko makuta inarudia bila kulomba muntu. Faida itapunguka kidogo kuliko kuweka zote mu obligasio, lakini hatauzisha kwa 96.

Kuko njia ingine ya kupata makuta mbele ya tarehe, kuweka karatasi kama garanti banki ikukopeshe. Inasaidia kama unajua makuta yako itaingia kisha wiki chache. Lakini hesabu vile: karatasi inakupatia 9, mukopo unakukata 14 ao zaidi, kila mwezi unapoteza tofauti yake. Kwa mwezi moja haiumize, kwa mwaka inakula.

Sasa fre ya banki, hapa nitakaa kidogo juu njo kwenye bantu ba makuta kidogo banaumia bila kujua. Kuko fre ya kufungua na kulinda konti ya karatasi, kuko komisio ya kununua, wakati ingine fre ya kulipa interese. Tuseme zote zikijumulishwa zinafika dola 5 kwa mwezi, ni 60 kwa mwaka. Mwenye ameweka 3,000 kwa 9 anapata 270, anatoa 60, anabakia na 210, ni 7 kwa mia, inaenda. Mwenye ameweka 1,000 anapata 90, anatoa 60, anabakia na 30, ni 3 kwa mia, na makuta imefungwa. Kwa ule wa 1,000 depo ya banki ya myezi sita inaweza kumulipa zaidi na hana shida mingi. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi uliza swali moja tu, uombe jibu ku karatasi: "Nikiweka kiasi hiki, siku ya mwisho mutatia ngapi ku konti yangu, kila kitu kimekatwa?" Ile namba njo unalinganisha kati ya banki na banki, si kiwango yenye imeandikwa kubwa ku tangazo.

Ku boni kuko kitu ingine cha kuuliza: interese inakatwa mwanzo ao inalipwa mwisho? Kama inakatwa mwanzo, kwa boni ya 1,000,000 franka ya myezi sita kwa 20 kwa mia, unalipa 900,000 na unapata milioni ku mwisho. Ile 100,000 umeipata ku 900,000, si ku milioni, kwa hiyo kwa kweli ni karibu 22 kwa mwaka. Kama inalipwa mwisho, ni 20 kamili. Bakikuambia paka "ishirini" bila kusema namna gani, haujajua bado.

Ya tatu: boni ya franka, myezi tatu ao sita. Hapa kiwango inaonekana kubwa sana na bantu macho inawaka. Banki Santrali ilipandisha kiwango yake ya kukopesha mabanki mpaka 25 kwa mia mu mwezi wa munane 2023, ikaishusha ku 17.5 mu mwezi wa kumi 2025, kwa hiyo karatasi za franka nazo zilikuwa zinalipa mu ile njia. Lakini angalia. Mwanzo wa 2023 dola ilikuwa karibu 2,000 franka, mwisho wa mwaka ilikuwa karibu 2,700. Mwenye aligeuza dola 1,000 akapata milioni mbili, tuseme akapata 20 kwa mia, akatoka na 2,400,000. Akirudisha mu dola kwa 2,700 anapata 889. Karatasi imelipa vizuri kabisa, serikali haijamuibia kitu, na dola 111 imepotea. Kiisha 2025 ikawa kinyume, katikati ya mwaka dola ilikuwa karibu 2,850, mu miezi ya mwisho ikashuka chini ya 2,500. Mwenye aliweka 1,000 kwa myezi sita kwa 20 kwa mwaka alitoka na franka 3,135,000, hata tukihesabu kwa 2,500 ni dola 1,254. Ule alishinda, lakini alishinda juu ya shanje, na hakuna mwenye anaweza kukuahidi shanje. Boni ya franka nashauri kwa muntu mwenye anapata franka na anatumia franka: ule wa mushahara ya serikali, ule mwenye mapato yake ya duka ni franka na atalipa bantu wake mu franka. Ule wa dola aiache. Na geuza mara moja ku banki uone bei ya kununua na ya kuuzisha dola, ile tofauti inakata faida mbele hata mnada haijaanza.

Ya mwisho, mi siinunue kabisa: franka ya kupita mwaka. Unafunga makuta na unafunga hatari ya shanje pamoja, na kutoka hakuna.

Kuko swali ya kama serikali italipa. Wenye banapima madeni ya nchi, mu 2022 Mudiz ilitupa B3 na S&P ilitupa B-, ni chini, na hiyo njo sababu banalipa 9 ku dola na hawalipe 4. Ile dola ya kulipa weye inatokea mingi ku kodi ya shaba na kobalti, ya hapa kwetu na Kolwezi. Bei ya shaba ikianguka sana, ku sheria utalipwa vile vile, lakini tarehe inaweza kuteleza. Kwa hiyo usitie mule makuta ya dawa ao ya loyeri.

Wandugu ba Goma na Bukavu, kwenu kuko kitu cha kuongeza. Tangu Goma ianguke mu mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mu mwezi wa pili, ajansi za banki zilifunga. Karatasi yenyewe haikai ku ajansi, imeandikwa ku kompyuta ya banki na ya Banki Santrali, kwa hiyo haki yako haipotei mulango ikifungwa. Lakini siku ya mwisho makuta inaingia ku konti, na kama konti haufikie, umelipwa na bado hauna kitu. Mwenye iko kule ahakikishe aplikasio ya simu inatumika na namba ya simu ku dosye ni yake ya sasa, na kuko ndugu mwenye prokirasio mu muji wenye banki iko wazi.

Ukinunua, hawatakupatia karatasi ya kupepea. Mwenye anakuletea sertifika yenye muhuri kwa barabara, mukimbie. Unachopata ni releve ya konti ya karatasi. Soma mwenye deni ni nani: kama inasema Trezori ao Repiblika, na kuko kode ya ile emisio na tarehe ya mwisho, ni yenyewe. Kama mwenye deni ni banki, ni depo ya muda bamekuvalisha jina ingine, si mbaya lakini si ile ulikuja kununua.

Na andika barua kidogo ku banki siku ile ile, useme ikifika mwisho makuta iingie ku konti yako ya kawaida, wasiirudishe mu karatasi ingine bila weye kutia sahihi. Tunza kopi yenye wametia tampo ya kupokea.