Nililipia mtu anitolee rejista ya vihatarishi kwenye slaidi zetu, bado nina hasira

Jamani ngoja niseme maana nimekaa nayo muda sasa. Tulikuwa na andiko la mradi wa visima vya sola huko vijijini Dodoma, prezenteshini ya slaidi 24, mfadhili akasema vizuri, ila nataka jedwali la vihatarishi, uwezekano na athari, kabla sijasaini. Sisi tumebanwa, nikampa kazi mshauri mmoja wa kujitegemea (jina naliacha), nikamlipa nusu mbele.

Jedwali likaja. Safu tisa, zote uwezekano 3, athari 3, ukizidisha 9, zote njano! Nikampigia, kaka, yaani mvua na fluoridi na dola vyote viko sawasawa? Akanijibu, "Dada, ukiweka 3 hakuna anayekubishia." Halafu akacheka. Hicho kicheko ndo kilichoniudhi kuliko hela.

Nikafungua slaidi mwenyewe usiku. Kumbe alichofanya ni kutafuta neno "hatari" tu, likampeleka slaidi ya 20 ambayo sisi wenyewe tuliiandika kwa kujipendekeza, basi akanakili. Wakati riski zenyewe ziko kule ambako neno hilo halipo. Slaidi ya 17 ni chati ya ratiba tu, lakini uchimbaji umepangwa wiki ya 6 hadi ya 9, na tunaanza katikati ya Novemba, hesabu mwenyewe, mtambo wa kuchimba unaingia kijijini mwishoni mwa Desemba mvua za Dodoma zishaanza, na njia ya kule ni udongo mweusi ule unaonata. Slaidi ya 11 chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi, "maji yanatarajiwa kuwa salama". Na notsi za msemaji slaidi ya 21, ambazo hakuzifungua kabisa, mwenzetu kaandika kijiji kitatoa eneo la tanki bure. Kitatoa? Nani kasaini?

Hizo zote ni dhana, tunazichukulia kama zishatokea. Yeye chache alizoziona kazigeuza kwa kuweka "huenda isiwe", eti "huenda maji yasiwe salama", imetoka hiyo. Mimi nikaandika hivi: kwa kuwa hatujapima maji kabla ya kuchimba, kisima kinaweza kutoka na fluoridi zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, kile kiwango cha WHO, na hapo kisima kinafungwa na hela ya kuchimba imeenda. Sababu, tukio, hasara. Ukishaandika hivyo namba inakuja yenyewe, ilimradi mmekubaliana kwanza kila namba maana yake nini. Sisi tulisema athari 3 ni kuchelewa wiki nne hadi nane, athari 5 ni kisima kutotumika kabisa. Fluoridi ikapata uwezekano 2 kwa sababu visima viwili vya jirani vilipimwa vikawa safi, athari 5, ukizidisha 10. Mtambo kukwama tope ikapata 4 kwa 3, 12. Sasa angalia, 12 iko juu ya 10, lakini mimi fluoridi ndo inaninyima usingizi, tope unasubiri likauke. Ndo maana nikaacha nguzo zote mbili zionekane, sio jibu la kuzidisha peke yake, na nikaongeza nguzo ya namba ya slaidi ili mfadhili akiuliza hii mmeitoa wapi usianze kupapasa.

Tena namba ni za kabla ya hatua yoyote. Yule bwana fluoridi alishaipunguza kichwani kwa sababu "mtapima tu". Bajeti ya kupima iko slaidi gani? Haipo!

Nilikuwa natoa nyota moja. Ila niseme ukweli, kwenye meseji moja ya majigambo aliyonitumia kulikuwa na mstari mmoja, "pampu slaidi ya 9 wiki 12, slaidi ya 17 wiki 8, mnachagua ipi?" Nikarudi kuangalia, kweli bwana. Slaidi hizo tumezipitia watu watano, tena mimi mara tatu, hakuna aliyeona kwamba fundi atakuwa site mwezi mzima anasubiri pampu iliyoko melini. Hiyo ikapata 4 kwa 4, ikawa ya kwanza kwenye jedwali letu, na imetoka kwake.

Kwa hiyo sijui, nyota mbili, labda tatu. Nusu iliyobaki nimemlipa juzi, kwa kununa. Akajibu "asante dada" na kile kiemoji cha kucheka, basi narudisha mbili.