"Kabla ya Ijumaa saa 10" au "saa nne kamili asubuhi"?

Chukua tangazo la zabuni ya kuezeka paa la shule, Likoni, lililoandikwa kwa namna mbili.

La kwanza: "Zabuni zifike ofisini kabla ya Ijumaa saa 10." Mwandishi alinuia saa nne asubuhi, kama simu inavyoandika 10:00. Fundi anasoma saa kumi jioni, anapanda feri mchana, anakuta bahasha zimeshafunguliwa. Mwingine anaelewa kuwa mwisho ni Alhamisi. Huo ni uonevu, na nauchukia.

La pili: "Bahasha iliyofungwa itumbukizwe kwenye sanduku la zabuni, mlango wa ofisi ya mhasibu, si baada ya saa nne kamili asubuhi (10:00), Ijumaa tarehe 14 Machi. Itakayochelewa itarudishwa bila kufunguliwa." Ni refu, lakini halina tundu.

Kuhusu maswali, la kwanza lasema "piga simu". Anayepiga hupata jibu ambalo wenzake hawalijui. La pili lataka maswali kwa maandishi hadi tarehe 7, na kila jibu litumwe kwa wote waliochukua nyaraka, bila kumtaja muulizaji.

Sifa nazo: "mkandarasi mwenye uzoefu" haipimiki, "aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, aambatishe nakala ya cheti" inakaguliwa kwa jicho.