"Wangapi?" mara 37: uzoefu wangu na memori za tafsiri

Miezi kadhaa iliyopita nilipokea kazi kutoka ejensi moja, dodoso la kaya, yale maswali ya mifugo, mashamba, vyumba na watoto ambayo wadodosaji wanazunguka nayo vijijini kwenye tableti. Maneno 5,000 ya Kiingereza. Nafungua pakeji nakuta karibu nusu imeshajazwa Kiswahili na kila kipande kina alama ya kufuli pembeni, yaani huwezi kubadilisha hata koma. Nikashuka taratibu. Swali linauliza kama kaya ina vyumba vya kulala, chini yake limeandikwa "Wangapi?" Nikarudia kusoma. Nikaenda mbele, majembe, "Wangapi?" Minazi, "Wangapi?" Baiskeli, "Wangapi?" Nilihesabu mara 37, na waliokaa sawa ni kuku, mbuzi, ng'ombe na watoto basi.

Nikamwandikia kijana anayeratibu kazi, kwa adabu kabisa, nikamwambia vipande vilivyofungwa vina makosa ya ngeli, avifungue nivirekebishe. Jibu lake ninalo mpaka leo: "Dada, hizo ni mia kwa mia, zimeshakaguliwa, kompyuta imeshamaliza hapo. Wewe endelea na zilizobaki tu, dedlaini ni kesho."

Kompyuta imeshamaliza. Hapo ndipo nilipokasirika, na sijapoa, kwa sababu mtu anayegawa kazi za tafsiri hajui memori ya tafsiri inafanya nini hasa, na kwa kutojua kwake anamkata hela anayejua.

Ngoja nieleze maana najua wengi wenzangu wanaoanza ufrilansa wanaambiwa tu "tumia memori utafanya kazi haraka" halafu basi. Programu ya kutafsiria inachukua waraka na kuukata vipande, kawaida kila ikikutana na nukta, alama ya kuuliza au mwisho wa aya. Ukitafsiri kipande, inahifadhi jozi, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, na rundo la jozi hizo ndiyo memori. Kesho kikija kipande kipya inalinganisha KIINGEREZA na Kiingereza ilichokiweka, inahesabu herufi au maneno mangapi yametofautiana, inakupa asilimia. Kikifanana chote ni mia, kikibadilika kidogo ni 90, 85, inashuka hivyo, na chini ya 70 au 75 mara nyingi unaambiwa hakuna kitu. Upande wa Kiswahili hauguswi kabisa kwenye hesabu hiyo. Aliyejaza Kiswahili kibovu anapata mia ileile. Ile jozi iliyoniua mimi ukiifungua kwenye faili la memori, la .tmx, inaonekana hivi:

```
<tu>
  <tuv xml:lang="en"><seg>How many?</seg></tuv>
  <tuv xml:lang="sw"><seg>Wangapi?</seg></tuv>
</tu>
```

Umeona? Hakuna kuku humo, hakuna chumba. Swali lililozaa jozi hiyo lilikuwa na sentensi mbili, kwanza je kaya ina kuku, kisha ni wangapi, na programu ikakata kwenye alama ya kuuliza ya kwanza, kwa hiyo kuku akabaki kipande cha juu na "Wangapi?" ikabaki yatima. Kwa Kiingereza haina shida, neno ni lilelile kwa kuku na kwa jembe. Kwetu sisi ni wangapi, vingapi, mingapi, mangapi, ngapi. Kitu kimoja kwao, vitano kwetu. Na siyo hilo tu, kwenye dodoso kuna lile jibu la mwisho la "Other (specify)" linalojirudia kila ukurasa, ukiuliza nani anaamua matumizi ya hela nyumbani unataka "Mwingine (taja)", ukiuliza nishati ya kupikia unataka "Nyingine (taja)", ukiuliza chombo cha kuhifadhia maji unataka "Kingine (taja)". Memori ilikuwa imeweka "Nyingine" kila mahali, kwa hiyo ukisoma swali la nani anaamua, mume, mke, wote wawili, nyingine. Mtu anakuwa nyingine!

Sasa njoo kwenye hela. Ripoti ya uchambuzi waliyonitumia ilisema hivi: maneno 2,200 ni marudio au mia kwa mia, hayo halipwi mtu. Maneno 800 yanafanana kwa sehemu, yanalipwa nusu. Maneno 2,000 mapya, yanalipwa kamili. Kwa hiyo 5,000 zikageuka 2,400. Reti yetu ilikuwa senti 4 za dola kwa neno, hesabu mwenyewe, dola 200 ikawa dola 96. Nikameza, nikasema sawa, kama zile 2,200 sizigusi basi sawa, mtu asilipwe kwa ambacho hakufanya, hiyo ni haki. Nikatuma kazi na nikaandika tena kwenye barua pepe kwamba zilizofungwa zina makosa.

Wiki mbili tatu zikapita, dodoso likajaribiwa kijijini, likarudi. Wadodosaji walikuwa wanasoma "Una majembe? Wangapi?" na watu wanawaangalia tu. Yule kijana akaniandikia, safari hii bila "dada", kwamba mteja amelalamika ubora, nipitie waraka wote upya, na kuna makato kwenye invoisi. Zile 2,200 ambazo kompyuta ilikuwa "imeshamaliza" sasa zimekuwa kazi yangu, bure, na jina lililochafuka ni langu. Nilipitia. Katika kila vipande vitatu vya marudio nilibadilisha kimoja, na ilinichukua muda mrefu kuliko kutafsiri upya, kwa sababu kipande cha neno moja au mawili huwezi kukikagua bila kupanda juu kusoma kinazungumzia nini.

Ukiniuliza siku hiyo ningekwambia memori za tafsiri ni njia ya kumnyonya mtafsiri na ningeapa.

Lakini nisiseme uongo, kwa sababu chombo hichohicho ndicho kimenifanya niweze kulipa kodi mwaka huu. Nina mama mmoja mtafiti yuko Morogoro, ananipa kazi moja kwa moja bila ejensi katikati. Mwaka juzi nilimtafsiria dodoso lake na fomu ya ridhaa, ile ndefu inayosomewa mtu kabla ya mahojiano, utafiti ni wa nini, una haki ya kukataa, majibu yako ni siri, namba ya kupiga ukiwa na swali. Nilitumia programu ya OmegaT, ni ya bure, na kila nilichoandika kikabaki kwenye `project_save.tmx` ndani ya folda ya projekti, ni faili langu, halichukuliwi na mtu. Mwaka uliofuata akaja na raundi ya pili. Fomu ya ridhaa ilikuwa ileile isipokuwa mahojiano yametoka dakika 45 kwenda 60 na kuna aya moja mpya ya kupima urefu na uzito wa watoto. Nikaburuta faili la zamani kwenye folda ya `tm`, sentensi zote zikaja, ndefu, zimenyooka, ni zangu, nilishazifikiria na kamati ya maadili ilishazipitisha kwa maneno hayohayo. Fomu nzima nilimaliza chini ya saa moja na yule mama alinilipa kamili kwa kuwa bei tulipatana ya kazi, siyo ya neno. Hapo nilifurahi mpaka nikampigia mdogo wangu simu usiku.

Hata hapo lakini usilale. Kulikuwa na sentensi kwamba baada ya mahojiano haya utatafutwa tena, na raundi ya pili waliongeza neno moja tu la Kiingereza, "not", kwamba hutatafutwa. Maneno manane yakawa tisa. Programu inasema inafanana kwa karibu asilimia 89, rangi nzuri kabisa, na maana imegeuka juu chini. Wakati sentensi nyingine ambayo walibadilisha mpangilio tu, maana ileile, ilishuka mpaka ikapotea. Asilimia inapima sura ya Kiingereza, haipimi maana, na ndiyo maana nashangaa watu wanavyoifanya kuwa bei.

Kwa hiyo mimi nilichojifunza kwa maumivu ni kwamba faida ipo pale sentensi ni ndefu na imejitosheleza, memori ni yako au ya mtu unayemwamini, na kazi inarudi kila mwaka au kila toleo, mikataba, miongozo, fomu, ripoti. Makala za magazeti au hadithi usitegemee kitu, hakuna sentensi inayojirudia, utabaki na faida ya kutafuta tu uliwahi kuitaje istilahi fulani. Na vipande vifupi vya Kiswahili, jedwali, Eksel, vibonyezo vya aplikesheni, hapo marudio ni ya Kiingereza peke yake.

Vipande vifupi kwenye OmegaT sasa navifanya hivi. Kipande kinachojirudia nikikikuta na ngeli tofauti natumia `Create Alternative Translation`, inahifadhi tafsiri ya pale tu kwa kuangalia vipande jirani, cha juu na cha chini. Dodoso likiwa limejaa vitu hivyo nazima kabisa `Auto-propagation of Translations` kwenye mipangilio ya projekti, kila kipande nakijaza mwenyewe. Programu nyingine nazo zinahifadhi ujirani huo na zinakupa alama ya juu kuliko mia pale jirani wakifanana, ila mara nyingi ujirani unapotea memori ikihamishwa kutoka programu moja kwenda nyingine, na nadhani ndicho kilichotokea kwa ile ya ejensi. Memori ya mtu mwingine siiweki tena na zangu, naiweka kwenye folda naiita `tm/penalty-30`, OmegaT inaikata alama 30, mia yake inaonekana 70, kwa hiyo inakuja kama pendekezo na inabidi niisome.

Wiki hii ejensi ileile imeniandikia tena, dodoso jipya, ripoti ya uchambuzi ileile ya marudio kulipwa sifuri. Nilitaka nisijibu. Halafu nikajibu, nikaandika vitu viwili tu: kipande chochote chenye maneno chini ya matano kinalipwa kamili hata kijirudie mara 37, na kufuli zote zifunguliwe, au vilivyofungwa viandikwe kwenye oda kwamba si kazi yangu. Nikamwambatanishia kijana picha ya ukurasa wa majembe. Hajajibu, na dedlaini yake ni keshokutwa.