Dawa nyeupe ya maji na kapsuli za omeprazoli: uzoefu wangu na zote mbili, na saa ya kunywa kila moja

Nimezitumia zote mbili, na nauza zote mbili. Nasimama kaunta ya famasi hapa Dar es Salaam, na kiungulia ninacho mwenyewe, kile kinachopanda mpaka kooni ukijilaza tu baada ya kula. Dawa nyeupe ya maji yenye ladha ya mnanaa naipa alama za juu kwa kazi yake. Kapsuli za omeprazoli za miligramu 20 nazo nazipa alama za juu, ila kwa kazi nyingine kabisa. Malalamiko mengi ninayoyasikia kaunta yanatokana na kila dawa kudaiwa kazi ya mwenzake: kapsuli inalaumiwa haizimi moto upesi, dawa ya maji inalaumiwa haiponyi.

Nitaeleza kwa picha ambayo mama mdogo alinitumia kwa simu kutoka Morogoro. Ilionyesha chupa nyeupe na bamba la kapsuli, vimewekwa juu ya kitambaa cha meza. Chini yake aliandika: "Mwanangu, hizi nimenunua zote na bado tumbo linawaka usiku. Hizi kapsuli si feki?"

Bamba lilikuwa limepigwa picha upande wa mbele, na upande huo huwa hauna maneno, unaona rangi tu. Rangi haisemi kitu. Kila kiwanda kina rangi zake za omeprazoli, na kapsuli za kuua bakteria nazo huja za rangi mbili vilevile. Nikamsalimu, nikamwomba ageuze bamba, kisha apige picha nyingine ya karibu ya lebo ya chupa, pale palipoandikwa kilichomo. Tena ilikuwa bahati bamba lilikuwa zima. Mara nyingi duka hukata vidonge kwa mkasi, na kipande unachopewa hakina jina wala tarehe ya kuisha. Kipande cha namna hiyo hata ukinitumia picha kumi siwezi kukwambia ni dawa gani.

Picha ya pili ilijibu kila kitu. Nyuma ya bamba palisomeka Omeprazole Capsules 20 mg. Kwenye chupa palisomeka Aluminium Hydroxide, Magnesium Hydroxide na Simethicone. Ukiona jina linaloishia na -prazole, hiyo ni dawa ya kuzuia tumbo lisitengeneze asidi: omeprazoli, esomeprazoli, pantoprazoli, lansoprazoli, zote ni ukoo mmoja. Ukiona Hydroxide, Carbonate, Bicarbonate au Trisilicate, hiyo ni antasidi, dawa ya kutuliza asidi ambayo tayari imo tumboni. Simethikoni iliyoongezwa kwenye chupa ni ya gesi, haigusi asidi. Kuna na kundi la tatu, majina yanayoishia na -tidine kama famotidini. Hilo nalo hupunguza utengenezaji wa asidi, linaanza kazi mapema kuliko omeprazoli lakini nguvu yake ni ndogo. Kwenye picha ya mama mdogo halikuwemo.

Sasa kwa nini saa zake zitofautiane. Antasidi ni kinyume cha asidi: inakutana na asidi tumboni, zinapambana, makali yanaisha. Ndiyo maana mimi nikimeza vijiko viwili nasikia nafuu ndani ya dakika chache. Lakini haikai. Ukiinywa tumbo tupu, tumbo linaisukuma kwenda kwenye utumbo, na baada ya nusu saa au saa moja moto unarudi. Ukiinywa kama saa moja baada ya kula, chakula kinaichelewesha tumboni, na nafuu inaweza kudumu kwa muda wa saa tatu hivi. Kwa hiyo wakati wake ni baada ya kula, na wakati wa kulala kama kiungulia chako ni cha usiku. Chupa itikiswe vizuri kwanza, kwa sababu dawa yenyewe hutuama chini. Zile za vidonge, kama magnesiamu trisiliketi, zitafunwe mpaka zisagike ndipo umeze maji. Watu wengi wanazimeza nzima kama panadoli, halafu wanasema hazina nguvu.

Kapsuli ya omeprazoli haifanyi chochote ndani ya tumbo inapofika. Ndani yake kuna punje ndogo zilizopakwa ganda lisiloyeyuka kwenye asidi, kwa sababu asidi yenyewe huiharibu omeprazoli. Punje zinavuka tumbo, zinayeyuka kwenye utumbo mwembamba, dawa inaingia kwenye damu, na damu ndiyo inayoirudisha kwenye ukuta wa tumbo, kwenye seli zinazotoa asidi. Huko inazifunga pampu za asidi. Na inazifunga zile tu zinazofanya kazi wakati huo, zile zilizolala haziguswi. Pampu nyingi zaidi huamka unapokula baada ya kukaa na njaa usiku kucha. Ndiyo sababu kapsuli humezwa nusu saa mpaka saa moja kabla ya chai ya asubuhi, ili dawa iwe tayari kwenye damu chakula kinapoziamsha pampu.

Dawa yenyewe inatoka kwenye damu baada ya saa chache, ila pampu iliyofungwa haifunguki tena, mwili unapaswa kutengeneza mpya. Hapo ndipo kapsuli moja inatosha kwa siku nzima. Na kwa kuwa kila siku zinafungwa nyingine zilizobaki, nguvu yake kamili unaiona baada ya siku tatu au nne hivi. Mimi siku ya kwanza sikuona tofauti yoyote. Wiki ya kwanza ilipokuwa inaisha nililala chali bila kuamshwa na uchungu kooni, na hapo ndipo nilipoiamini.

Nikamuuliza mama mdogo anavyozitumia. Asubuhi akiamka alikuwa anakunywa dawa ya maji, tumbo tupu. Kapsuli alikuwa anaiweka akiba, anameza usiku tumbo likianza kuwaka, kama saa nne, baada ya ugali wa saa mbili. Siku tumbo likitulia haimezi. Yaani kila dawa ilikuwa kwenye saa ya mwenzake. Dawa ya maji ilikuwa inapita kabla ya kukutana na kazi, na kapsuli ilikuwa inafika pampu zikiwa zinaelekea kulala, tena kwa kurukaruka siku. Kapsuli hazikuwa feki kwa dalili yoyote niliyoiona.

Tukapanga hivi. Saa kumi na mbili asubuhi, kapsuli moja kwa maji, kila siku, tumbo liwake lisiwake. Chai saa kumi na mbili na nusu au saa moja. Dawa ya maji ikae kando mpaka ihitajike: moto ukija mchana, vijiko viwili vya dawa, yaani mililita 10 kama lebo yake ilivyosema, saa moja baada ya chakula, na vingine wakati wa kulala. Chakula cha jioni kisogezwe mapema, akilala tumbo liwe limeshapunguza mzigo. Nilimwambia siku tatu za mwanzo ataihitaji sana chupa, na hiyo si dalili kwamba kapsuli imeshindwa. Pia nilimkataza kufungua kapsuli na kumimina punje kwenye chai, maana jirani alimshauri hivyo. Punje zikitafunwa au ganda lake likiharibika, dawa inafia tumboni.

Kuna jambo ambalo picha haikuonyesha, na bila kuuliza nisingelijua. "Mama mdogo, na magoti unatumia nini?" Akasema diklofenaki, kila siku, aliandikiwa zamani na akaendelea kujinunulia. Diklofenaki, sawa na ibuprofeni na aspirini, hupunguza ule ute unaolinda ukuta wa tumbo, na ni chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo. Hapo kutuliza asidi peke yake ni kukimbizana na tatizo linaloongezwa kila siku. Nilimwambia asiimeze tena mpaka amwone daktari, na aende na dawa zote mkononi, za tumbo na za magoti. Ndiyo maana sasa mtu akinitumia picha ya dawa ya tumbo namwomba apige picha ya kila kidonge kilichomo nyumbani.

Kasoro za kila moja nizitaje. Antasidi yenye magnesiamu inaharisha, yenye alumini inafunga choo, ndiyo sababu viwanda vingi huchanganya zote mbili. Mwenye ugonjwa wa figo asiinywe bila daktari. Pia inashika dawa nyingine na kuzizuia kuingia mwilini: vidonge vya madini ya chuma, doksisaiklini, siprofloksasini. Unayemeza hizo, tenganisha kwa saa mbili angalau, na siprofloksasini ukishakunywa antasidi ingoje saa sita. Kapsuli kwangu haikuleta shida isipokuwa kichwa kuuma kidogo siku za mwanzo. Shida niliiona nilipomaliza dozi ya wiki nane niliyoandikiwa: kiungulia kilirudi kwa nguvu kwa muda, kwa sababu tumbo lililozuiwa muda mrefu huongeza asidi likiachiwa. Watu wengi hapo huamua hawajapona na kurudi kununua kapsuli mwaka mzima. Mimi nilivuka kipindi hicho kwa dawa ya maji, na kikapita.

Kama unakwenda kupima bakteria wa tumbo, Helikobakta pailori, kwa kipimo cha choo au cha pumzi, mweleze daktari kwamba unameza omeprazoli. Kwa kawaida huachwa wiki mbili kabla ya kipimo, la sivyo majibu yanaweza kusema huna wakati unao. Siku za kungoja unaweza kutuliza moto kwa antasidi. Na ukikutwa nao, omeprazoli inabadilika matumizi: humezwa mara mbili kwa siku pamoja na dawa mbili au zaidi za kuua bakteria, kwa kawaida siku 14, na huko hakuna kuruka hata dozi moja.

Ila kuna picha ambazo sizijibu kwa ushauri wa dawa. Choo cheusi kama lami, kutapika damu au kitu kama unga wa kahawa, chakula kukwama kikishuka, kukonda bila sababu, au maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya pamoja na jasho. Aliye na mojawapo ya hizo namwambia aende hospitali saa hiyohiyo, chupa na bamba aviweke kwenye mfuko aende navyo.

Mama mdogo daktari alimbadilishia dawa ya magoti na kumwachia kapsuli kwa wiki nane. Chupa ya pili ya dawa ya maji hajaifungua.