Saluni ya watoto Kisauni: nyota moja, na hiyo si ya mwenyewe

Jina la saluni siitaji, iko upande wa Kisauni, na kama una mtoto mwenye nywele za kipilipili, pita njia yako. Nilimpeleka binti yangu wa miaka minne, kisogoni kumejaa mafundo kwa kusuguana na mto usiku. Mwenye saluni akashika kitana cha meno membamba, nywele kavu kau, akaanzia kwenye mizizi kushuka. Sasa kila akishusha kitana, fundo la juu linasukumwa kwa la chini, yanakazana, na kichwa cha mtoto kinarudi nyuma. Mtoto analia, naye ananiambia, "Mama, huyu umemdekeza. Nywele ngumu hizi, zitiwe dawa tu." Dawa! Mtoto wa miaka minne! Wallahi nilisimama tuondoke.

Aliyeniketisha ni binti msaidizi wake. "Niachie mimi, dada," akamwambia bosi. Akazilowesha kwa chupa ya kupulizia, akagawa kichwa mafungu manne, matatu akayabana kando. Fungu la kisogoni akaligawa tena mara mbili, maana ndiko kwenye kazi. Akapaka kondishena mpaka nywele zikateleza vidoleni. Fundo akalilegeza kwa vidole kwanza. Ndani yake mlikuwa na nywele zilizokwisha kung'oka zikanaswa, akazichomoa hizo peke yake. Ndipo akachukua kitana cha meno mapana, akaanzia nchani, pakipita anapanda kidogo. Mkono wa pili ameshika fungu juu ya fundo, kwa hivyo mvuto unaishia kiganjani mwake, ngozi ya kichwa haina habari. Fungu likiisha analisokota lisijifunge upya, ndiyo anafungua jingine. Mtoto alikuwa anakula mabuyu, midomo myekundu, anauliza kama bado kidogo. Chozi hakuna.

Nyota tano nilikuwa nishazitoa moyoni. Ah wapi! Bosi akarudi "kumalizia", akamfunga vifundo viwili juu kwa raba nyembamba zile tupu, nyusi za mtoto zikapanda. Asubuhi yake kwenye panja kuna vipele vidogo vyeupe. Vile si joto la Mombasa jamani, ni mizizi inavutwa, na ukiendelea kumfunga hivyo nywele za pembeni hupungua, baada ya miaka huenda zisirudi kabisa. Raba nilizikata kwa mkasi, maana ukizivuta zinatoka na nywele zake.

Na pesa ya ziada alinitoza, eti ya "nywele ngumu". Huyo hata nusu nyota simpi. Yule binti ningempa zote, ila kazi yake inaharibiwa mbele ya macho yake na hawezi kusema. Nasikia asubuhi yeye ndiye anayefungua, bosi anaingia mchana. Basi labda nitarudi, asubuhi hiyo hiyo, aishie kwenye misokoto, na raba yoyote isimguse mwanangu.