Uzoefu wangu: dawa ya ukoko kwenye nyumba ya wapangaji, Ngamiani, Tanga

Wapuliziaji wa dawa ya ukoko, ile ya kuua mbu majumbani, nawapa nyota nne kati ya tano. Kazi yao ilikuwa safi na huduma hailipiwi. Nyota moja nimeikata kwa sababu taarifa ilitufikia jioni ya kuamkia siku yenyewe, na nyumba ya vyumba sita yenye familia sita haitayarishwi kwa usiku mmoja. Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya nyumba za aina hiyo: korido katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Mwenye nyumba yake peke yake ana kazi nyepesi zaidi.

Kwanza elewa dawa inakwenda wapi, maana maandalizi yote yanatokana na hapo. Haipuliziwi hewani kama ile ya kopo la dukani. Inapakwa ukutani, darini, chini ya upenu na nyuma ya milango, ikauke ibaki ukoko. Mbu akishashiba damu hutua ukutani kupumzika, na hapo ndipo anapoipata. Mpuliziaji hupita na bomba lake, ncha ya kupulizia ikiwa kama sentimita 45 kutoka ukutani, kwa mwendo mmoja, juu hadi chini. Kwa hiyo kila kinachoziba ukuta kinampa mbu mahali salama, na kila kilicho karibu na ukuta kitarushiwa matone.

Ndiyo maana kabati, kitanda na friji vinavutwa katikati ya chumba, mita moja hivi kutoka ukutani, ili mtu apite na bomba mgongoni bila kujibana. Usirundike vitu hadi darini, kwa sababu dari nayo inapuliziwa. Ondoa kalenda, picha, mikoba na nguo zilizotundikwa misumarini. Chandarua kitoke nje kabisa. Zima umeme kwenye swichi kuu, kwani dawa imechanganywa na maji na soketi ziko ukutani.

Kufunika ndiko watu wengi wanakokosea. Nimeona khanga na mashuka yametandazwa juu ya magodoro. Kitambaa kinanyonya dawa na kuipitisha chini, halafu usiku mtu anakilalia. Tumia nailoni nzima au turubai lisilotoboka, lishuke hadi sakafuni pande zote. Ukija kuliondoa, likunje kuelekea ndani, upande uliorushiwa dawa ukutane na wenzake, ulitoe nje bila kulikung'utia chumbani. Lioshe kwa sabuni, mbali na kisima na mifereji.

Chakula hakifunikwi ndani, kinatoka. Unga, mchele, sukari, chumvi, nazi, dagaa kwenye kapu, hata pakiti ambazo hazijafunguliwa, maana mkono utakaoshika pakiti ndio utakaopika. Sufuria, sahani, mbuzi ya nazi, kinu na mwiko vifuate. Kilicho ndani ya friji kinaweza kubaki, mradi mlango umefungwa vizuri na friji lenyewe limefunikwa nailoni hadi chini. Swali ni uvitoe uviweke wapi. Wengi huvipanga barazani au chini ya upenu wa uani kwa ajili ya kivuli, na hapo hapo mpuliziaji anakuja kupiga upenu. Viweke katikati ya ua au kwa jirani, mbali na ukuta, na uvifunike. Jiko la uani lizimwe wakati wa kazi. Pika cha mchana alfajiri, kwani kabla ya adhuhuri hutaingia ndani.

Maji yana mambo mawili. Ya kunywa yote yatoke: ndoo, madumu, na hasa mtungi wa udongo, ambao ukirushiwa dawa unainyonya na haufutiki kama plastiki. Tabu ni pipa la lita 200 kwenye kona ya korido, ambalo likijaa halisogezwi. Hilo lipunguze usiku ule kwa kufulia na kuoga, kisha lisukumwe nje. Ikishindikana, mfuniko peke yake hautoshi, kwa sababu dawa hutua juu yake na kudondoka ndani siku ya kwanza utakapoufungua. Weka nailoni juu ya mfuniko na uifunge kwa mpira wa baiskeli kuzunguka shingo. Baadaye ondoa nailoni kwanza, futa mfuniko, ndipo ufungue. Tenki la uani nalo lifungwe kama liko chini ya upenu.

Sasa muda wa kurudi ndani, ambao kwenye nyumba ya korido huhesabiwa vibaya. Utaratibu tuliopewa ni kukaa nje kwa muda wa saa mbili nyumba ikiwa imefungwa, kisha kufungua milango na madirisha hewa ipite, nusu saa kwa uchache. Mpangaji wa chumba cha kwanza huanza kuhesabu pale chumba chake kilipomalizika. Lakini anapitia korido, na korido hupuliziwa mwisho. Saa ni ya nyumba nzima, inaanza tone la mwisho.

Chukua mfano. Chumba cha mita 3 kwa 3.5, urefu wa ukuta mita 2.7, kina kama mita za mraba 35 za ukuta. Vyumba sita ni 210, korido inaongeza karibu 60, jumla 270. Bomba moja la lita 7.5 za mchanganyiko hutosha kama mita za mraba 250. Maana yake mpuliziaji atatoka kwenda kuchanganya upya kabla hajamaliza, na muda unasogea. Akianza saa tatu asubuhi akamaliza korido saa nne kasoro kumi, milango inafunguliwa saa sita kasoro kumi, na watu wanaanza kuingia baada ya saa sita na dakika ishirini.

Anayeingia kwanza ni mtu mzima mmoja mwenye fagio. Afagie mende na wadudu waliokufa, apige deki sakafu, taka zitupwe chooni. Kuku wasitangulie, watazila. Watoto wanaotambaa waingie baada ya sakafu kukauka. Ukuta usiguswe na tambara, hata ukiona michirizi myeupe. Hiyo ndiyo dawa yenyewe. Macho yakiwasha, suuza kwa maji mengi kwa dakika 15. Mtu akiumwa kichwa, akitokwa na jasho na mate mengi au akitapika, mpeleke kituo cha afya na ulitaje jina la dawa. Mgonjwa asiyeweza kutolewa nje, mwambie kiongozi wa timu mapema: chumba chenye mtu ndani hakipuliziwi.

Msishangae mkiona mbu kesho yake. Dawa kama SumiShield huua polepole, na mbu anaweza kuchukua siku kadhaa kabla ya kufa. Dawa nyingine, Actellic, ina harufu inayokera zaidi mwanzoni, ndiyo maana watu hutamani kupaka chokaa upya, hasa Idi ikikaribia. Chokaa ikipakwa juu inaufunika ukoko na kuudhoofisha. Kama kuta zinahitaji kupakwa, zipakwe kabla, zikauke.

Mpangaji aliyesafiri na ufunguo ndiye aliyetuharibia. Chumba chake kilirukwa, na kadi ya mlangoni ikaandikwa vyumba vitano kati ya sita. Mwenye nyumba akusanye funguo mapema, na vitu vya asiyekuwepo vitolewe mbele ya mpangaji mwenzake ili baadaye pasiwe na maneno.